Gari la Dizeli la Shika Adabu: Funzo kwa Anayepima Miaka na Kilomita

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Shika Adabu, upande wa Likoni, aliyekuwa akiuza viungo karibu na Markiti, kisiwani Mombasa. Kwa miaka mingi alikwenda dukani kwa matatu hadi feri, akavuka kwa miguu, kisha akapanda tuktuk. Biashara ilipomnyookea na akiba ikafika shilingi milioni moja na nusu, akaona wakati umefika wa kununua gari lake mwenyewe.

Dalali alimpeleka kwenye yadi na kumwonyesha magari mawili yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu. Yalikuwa ya Kijapani, ya muundo mmoja, yale yaliyoinuka kidogo ambayo familia nyingi huyapenda kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Bei ilikuwa moja, shilingi 1,450,000. La kwanza lilikuwa la dizeli, limeundwa mwaka 2016, na dashibodi ilisoma kilomita 172,000. La pili lilikuwa la petroli, la mwaka 2013, na dashibodi ilisoma kilomita 64,000.

"Bosi wangu," dalali alimwambia, "hili la dizeli ni jipya kwa miaka mitatu, na dizeli haifi. Hizo kilomita si kitu. Mafuta yake ni nafuu, na utalitumia mpaka mwanao alirithi."

Mfanyabiashara hakuwa mtu wa pupa. Aliomba siku mbili, akaenda kwa fundi mmoja mzee mwenye gereji kando ya barabara ya Lunga Lunga. Fundi alifika yadini, akayafungua magari yote mawili boneti, akayasikiliza, akalala chini na tochi. Alipoinuka alimwambia: "Mwanangu, yote mawili ni mazima. Swali langu ni moja: utakuwa ukienda wapi nalo?"

"Nyumbani na dukani, Fundi. Na Ijumaa nampeleka mama Ukunda, mara mojamoja."

"Basi chukua la petroli. Mwambie mwenye yadi akupunguzie bei, kwa sababu mipira yake imezeeka."

Mfanyabiashara alishukuru, akaondoka, lakini moyoni hakukubali. Aliona ajabu kuambiwa achukue gari kuukuu na aliache jipya kwa bei ileile. Tena kilomita 64,000 katika miaka kumi na miwili zilimtia shaka, akawaza kwamba huenda zimerudishwa nyuma. Akachukua la dizeli.

Ili kisa hiki kimfae msomaji, lazima kwanza tuone alichokipima na alichokiacha. Alipima namba mbili, mwaka na kilomita. Mwaka ulisema dizeli ni bora, kilomita zikasema petroli ni bora, naye akavunja sare hiyo kwa sifa aliyoisikia ya injini ya dizeli. Njia yake mwenyewe, ile ambayo gari lingepita kila siku, hakuitia kwenye mizani.

Tuanze na kilomita, maana ndizo zinazoogopesha watu. Gawanya kilomita kwa umri. Lile la dizeli lilitembea kilomita 172,000 kwa miaka tisa, yaani kama 19,000 kwa mwaka. Lile la petroli lilitembea 64,000 kwa miaka kumi na miwili, kama 5,300 tu kwa mwaka. Gari la kawaida la mtu anayefanya kazi huingia mahali fulani kati ya 12,000 na 20,000. Kwa hiyo dizeli lilitumika sana lakini si kupita kiasi, na petroli lilitumika kidogo mno. Kila moja kati ya hali hizi mbili ina swali lake.

Swali la lile lililotembea sana ni hili: kilomita hizo ni za wapi? Mmiliki wa kwanza wa gari lile hapa Kenya alikuwa mtu wa safari za Voi, Taita na Nairobi, na alikuwa na daftari la sevisi lililoonyesha oili ikibadilishwa kila baada ya kilomita 7,500 hivi. Safari ya Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Injini huwashwa mara moja, ikapata moto, ikazunguka kwa mwendo mmoja kwa saa nyingi. Ukikadiria wastani wa kilomita 65 kwa saa, kilomita 172,000 ni sawa na saa 2,650 za injini kuzunguka.

Sasa chukua gari la petroli lililoishi mjini, kwenye taa na foleni, kwa wastani wa kilomita 16 kwa saa. Kilomita zake 64,000 ni saa 4,000. Injini yenye kilomita chache imezunguka saa nyingi zaidi kuliko ile yenye kilomita mara mbili na nusu zaidi! Tena imewashwa ikiwa baridi maelfu ya mara, na injini huchakaa sana dakika zile za mwanzo, kabla oili haijapata moto na kusambaa vizuri. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu haogopi kilomita 172,000 za barabara kuu zenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari lile lilikuwa na daftari.

Kwa hiyo mfanyabiashara hakukosea kulisifu gari la dizeli. Lilikuwa gari zuri kwa maisha liliyoyaishi. Tatizo ni kwamba siku aliyolivusha kwenda Shika Adabu, maisha yale yalikoma.

Miezi mitatu ya kwanza alifurahi. Gari lilikuwa na nguvu, na pesa ya mafuta ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Kila asubuhi aliwasha, akaenda kilomita chache hadi Likoni, akaingia kwenye foleni ya feri na kukaa humo nusu saa au zaidi, injini ikinguruma na eyakondishen ikimpoza. Akiingia kwenye feri, anazima. Upande wa pili anawasha, anajikokota hadi Markiti, anazima tena. Jioni hivyohivyo.

Mwezi wa nne taa ya rangi ya machungwa ilitokea kwenye dashibodi, ikakaa siku mbili, ikapotea, ikarudi. Dereva mmoja wa matatu alimwambia ni sensa tu. Mwezi wa sita gari likawa zito, halivuti, na likawa linanuka dizeli. Mwezi wa saba, akipanda kutoka ferini kuelekea Likoni, alisikia mluzi mwembamba kutoka chini ya boneti, kisha moshi wa buluu ukatanda nyuma yake mpaka watu wa kando ya barabara wakampigia kelele asimame.

Gari lilivutwa hadi gereji ya yule fundi mzee. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuhitaji mashine yoyote. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kumwonyesha. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho kwa urefu wa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi, inachuruzika kama maji, na alipoinusa, ikanukia dizeli.

"Uliongeza oili?"

"La, Fundi. Sikuigusa."

"Basi imejiongeza yenyewe. Hayo ni mafuta yako ya kuendeshea, yameteremka mpaka chini."

Hapa ndipo penye kiini cha funzo, na yafaa tupaeleze taratibu. Injini za dizeli za miaka hii zina chujio kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita DPF. Kazi yake ni kunasa masizi yasitoke hewani. Chujio hilo likijaa, lazima lijisafishe kwa kuyachoma masizi hayo, na masizi hayaungui mpaka moshi ufikie joto la nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi. Kwenye barabara kuu, gari likiwa na mwendo, joto hilo hufikiwa kwa urahisi. Kompyuta ya gari hunyunyiza dizeli ya ziada ndani ya injini mwishoni mwa mpigo, dizeli hiyo hutoka na moshi na kwenda kuwasha joto kwenye chujio, na kwa dakika 15 au 20 za mwendo usiokatika kazi inakuwa imekwisha.

Kwenye foleni ya feri hali ni nyingine kabisa. Injini inayonguruma bila kwenda hutoa moshi usiofika hata nusu ya joto hilo. Wengi hudhani joto la pwani husaidia. Haliwezi kusaidia, kwa sababu jua la Mombasa la nyuzi 32 si chochote mbele ya nyuzi 600. Basi kompyuta huanza kunyunyiza dizeli, chujio linaanza kupata moto, mara gari linaingia kwenye feri na injini inazimwa. Kazi imekatika katikati. Dizeli iliyonyunyizwa, ambayo haikupata nafasi ya kuungua, inashikamana na kuta za silinda na kuteremka polepole hadi kwenye oili. Jioni kompyuta inaona masizi bado yapo, inaanza upya, na inakatishwa upya. Kila jaribio linaacha dizeli kidogo kwenye oili.

Oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza unene wake. Wa kwanza kuumia ni tabo, ule mtambo mdogo wa kusukuma hewa, ambao mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukidhoofika, mhimili hukwaruza, na ule mluzi aliousikia mfanyabiashara ndio sauti yake. Moshi wa buluu ulikuwa oili inayopenya kwenye tabo na kuungua. Wakati huohuo masizi yalikuwa yameziba vali ya kurudisha moshi na njia za kuingizia hewa, na nozo mbili kati ya nne zilikuwa zikidondosha badala ya kupuliza.

Hesabu aliyoandikiwa ilikuwa hivi. Tabo ya mtumba, 85,000. Nozo mbili, 60,000. Kusafisha chujio, 30,000. Kusafisha njia za hewa na ile vali, 25,000. Oili, filta na gasketi, 22,000. Ufundi, 38,000. Jumla shilingi 260,000.

Mfanyabiashara aliuliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini basi watu husema dizeli haifi? Fundi alimjibu kwamba sifa hiyo ni ya kweli, ila ni ya injini nyingine. Matatu za zamani za Hiace zilibebwa na injini kama 3L na 5L za Toyota, zenye pampu ya mitambo, bila chujio la moshi na bila kompyuta ya kunyunyizia mafuta. Zilitoa moshi mweusi, zilipiga kelele, na zilivumilia takriban kila kitu. Injini za leo zimerithi jina la dizeli na uchumi wake wa mafuta, lakini zina nozo zinazofanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya mara 1,500 ya hewa tunayovuta, tabo laini, na chujio linalodai safari ndefu. Anayenunua dizeli ya 2016 kwa sifa ya dizeli ya 1995 ananunua kitu asichokijua.

Pia alimtahadharisha na njia ya mkato. Wapo mafundi watakaolikata chujio na kulitoa matumbo, kisha wafute taa kwa kompyuta. Gari litavuta tena, lakini masizi yote yatamwagwa kwenye mapafu ya watu waliobanana kwenye foleni ya feri, na injini inayoendeshwa ikiwa baridi kila siku itaendelea kuziba vali na njia zake za hewa kama kawaida.

Sasa turudi kwa lile la petroli, maana wengi wakisikia kisa hiki watakimbilia kilomita chache kwa macho yaliyofungwa. Lilinunuliwa na mwalimu mmoja wa kike wa Mtongwe, ambaye naye alikwenda na fundi wake yadini. Fundi huyo alianza na swali la gari lililotembea kidogo: je, kilomita hizi ni za kweli?

Namba za dashibodi hurudishwa kwa dakika chache, kwa hiyo haziaminiwi peke yake. Fundi alidai karatasi za gari. Gari linapotolewa Japani huandikiwa cheti cha kulisafirisha nje, na kwenye cheti hicho huwemo kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Cha gari hili kilionyesha 41,000. Sahani yake ya namba ilionyesha kwamba liliingia Kenya kama miaka sita nyuma, kwa hiyo kilomita 23,000 zilibaki kuwa za hapa, na hilo lingewezekana. Kisha akatazama vitu ambavyo mwenye kurudisha kilomita husahau kuvibadilisha: mpira wa pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapojisugua akiingia, na ngozi ya usukani upande wa juu. Vyote vilikuwa bado na alama zake za asili. Gari la kweli la 150,000 lingekuwa na pedali iliyong'aa na kiti kilicholegea. Mwisho akachomeka mashine ya kusomea kompyuta, akalinganisha kilomita za dashibodi na zile zilizohifadhiwa kwingineko kwenye gari. Zilikaribiana.

Kumbe kilomita zilikuwa za kweli. Lakini miaka nayo ilikuwa ya kweli, na miaka huharibu vitu ambavyo kilomita hazivigusi. Mpira hukauka na kupasuka hata gari likilala. Maji ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Betri hufa kwa umri na joto. Chuma cha chini hushikwa na kutu, hasa kwa gari linalokaa karibu na bahari na kukanyaga maji ya chumvi kwenye njia ya kushukia ferini. Fundi aliinama kwenye tairi na kumsomea mwalimu namba nne za mwisho kwenye ule mstari wa herufi DOT: 2216. Maana yake tairi ziliundwa wiki ya 22 ya mwaka 2016. Mistari yake ilikuwa bado mirefu, anayeangalia kwa mbali angeziita mpya, lakini ubavuni zilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

Mwalimu aliandika orodha, akaenda nayo kwa mwenye yadi. Tairi nne, 56,000. Bushi na mauntingi za injini, 24,000. Maji ya breki na oili ya giaboksi, 18,000. Mipira ya rejeta, maji yake na fanbelti, 16,000. Betri, 14,000. Plagi, 12,000. Jumla 140,000. Walivutana bei, wakakubaliana apunguziwe 90,000. Alilinunua gari kwa 1,360,000 akatumia 140,000, na tangu hapo linampeleka shuleni na kumrudisha, na gharama yake imekuwa oili na petroli.

Tazama tofauti ya bili hizi mbili. Bili ya umri inaonekana kabla hujalipa. Unaweza kuigusa kwa kidole, ukaiandika kwenye karatasi, ukaitoa kwenye bei, na ukishailipa imekwisha kwa miaka kadhaa. Bili ya kilomita, hasa kwenye dizeli ya kisasa, imejificha ndani ya nozo, tabo na chujio, na huja bila miadi. Mtu anayelinganisha gari la zamani lenye kilomita chache na gari jipya kidogo lenye kilomita nyingi anapaswa kuandika bili zote mbili kwanza. Magari ya bei moja yadini si ya bei moja tena baada ya hapo.

Hata hivyo bili peke yake haitoshi kuamua, la sivyo hakuna ambaye angenunua dizeli. Linalobaki ni kuuliza dizeli inarudisha kiasi gani, na hapa hesabu ni fupi. Bei za mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi na hubadilika, basi tuchukue za mfano zisizo mbali na za Mombasa za mwishoni mwa 2025: petroli shilingi 181 kwa lita, dizeli 168. Kwenye foleni za Likoni gari lile la petroli huenda kilomita 10 kwa lita, na la dizeli 13. Kilomita moja ya petroli inagharimu shilingi 18.10, ya dizeli shilingi 12.90. Dizeli inaokoa kama shilingi 5 kwa kila kilomita. Kwenye barabara kuu yote mawili hula mafuta machache kuliko mjini, na akiba kwa kila kilomita hupungua kidogo.

Ukiigawa ile bili ya 260,000 kwa shilingi 5, utapata kilomita 52,000. Hizo ndizo kilomita ambazo gari la dizeli lazima litembee ili akiba ya mafuta ilipe bili moja kubwa. Mfanyabiashara wetu alikuwa akitembea kama 8,000 kwa mwaka. Angehitaji zaidi ya miaka sita ili arudishe pesa iliyomtoka ndani ya miezi saba, na kwa safari zake fupi bili ya pili isingesubiri miaka sita.

Aliuza gari, baada ya kulitengeneza, kwa shemeji yake anayesafirisha nazi na machungwa kati ya Lunga Lunga na Voi. Hakumficha kitu. Alimpa daftari la zamani, akaongeza ndani yake bili ya gereji. Shemeji hutembea kilomita 30,000 kwa mwaka, na siku hizi hupitia barabara ya Dongo Kundu badala ya kuvuka kwa feri, kwa hiyo gari hupata mwendo wa kutosha kila safari na chujio hujisafisha bila yeye kujua. Kwake kilomita 52,000 hazifiki miaka miwili. Taa ya machungwa haijarudi, na kila Jumapili huchomoa kijiti cha oili na kukuta ipo palepale ilipokuwa.

Injini ni ileile, na chujio ni lilelile lililomshinda mfanyabiashara kwenye foleni. Kilichobadilika ni njia inayopitiwa na mwendo wake.

Kwa hiyo anayesimama mbele ya magari mawili ya bei moja na afuate mpangilio huu. Aandike kwanza safari yake ya kawaida ya wiki, dakika ngapi kila safari na mara ngapi injini inazimwa njiani. Ikiwa safari zake nyingi ni chini ya dakika 20 au zinakatwa na foleni, dizeli yenye chujio aiache, hata iwe mpya kwa miaka mitatu na yenye daftari safi. Achukue petroli, ila bili ya umri aiandike na aitoe kwenye bei. Ikiwa anatembea saa nzima bila kukatika mara kadhaa kwa wiki, kilomita nyingi zisimtishe, mradi ziwe na daftari, oili isiwe imepanda juu ya alama, na mashine isome kwamba chujio linajisafisha na kumaliza.

Na kama bado anayumba katikati, ajiulize jambo moja kabla hajamlipa dalali: kutembea kilomita 52,000 kutamchukua miaka mingapi? Ikiwa ni miwili au mitatu, dizeli itajilipa. Ikizidi minne, kila lita anayoiokoa anaikopa kwa fundi.